Mteja ameokota trei 12, niandikeje?

*Shikamoo Shangazi. Nachanganya chakula cha kuku wa mayai hapa Kibaha, mwaka wa pili sasa. Nina wateja kumi na wanne, na nataka kuwaandikia wafugaji wengine kwa Wasapu ili nipate wapya. Juzi mteja wangu mmoja, baba wa makamo mwenye kuku karibu mia tano, amenitumia ujumbe wa sauti ambao ulinitoa machozi. Anasema hivi: "Dada, kwa kweli sikutegemea. Leo nimeokota trei kumi na mbili. Mwezi uliopita nilikuwa na tisa. Maganda nayo yamekuwa magumu, siku hizi hayavunjiki ovyo. Ila chakula chako bei, dada, hebu tuangalie hapo."*

*Mdogo wangu, ambaye ndiye anayejua mambo ya mitandao, akaniandikia tangazo: "BADILI UFUGAJI WAKO LEO! Wateja wetu wamepata ongezeko la mayai hadi asilimia 33! Chakula namba moja Pwani! Kuku wako watataga mara dufu!" Nimelisoma nikaona aibu. Mama naye kasikia akacheka, akasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini nikikaa kimya nani atajua? Naweza kuyatumia maneno ya yule baba bila kutia chumvi na bila kuonekana najigamba? Na je, nimrushe sauti yake kama ilivyo?*

*Mchanganyaji, Kibaha*

Marahaba, mwanangu. Aibu uliyoiona ni ya haki, usiipuuze. Asante pia kwa kunijibu maswali yangu upesi na kunipigia picha kurasa za daftari la yule baba. Laiti kila anayeniandikia angekuwa na mteja anayeandika mayai yake kila jioni.

Nianze na hilo daftari, maana ndilo litakalokuokoa. Trei 12 ni kweli aliziokota, siku moja, Jumamosi. Lakini nimejumlisha wiki yote hiyo: mayai 2,366. Gawa kwa siku saba unapata 338, yaani trei 11 na mayai 8. Wiki ya mwisho kabla hajaanza chakula chako alikuwa na mayai 1,911, sawa na 273 kwa siku, trei 9 na mayai 3. Kwa hiyo yale "tisa" aliyoyasema yapo sawa, ila "kumi na mbili" ni siku yake nzuri kuliko zote. Hakudanganya. Mtu mwenye furaha husema siku yake nzuri, hata mimi ningefanya hivyo. Wewe ndiye ukiichukua siku hiyo ukaiuza kama kawaida ndipo chumvi inapoingia.

Sasa tazama ilikotoka ile asilimia 33 ya mdogo wako. Kutoka 9 kwenda 12 ni theluthi, hesabu yake haina kosa. Ukitumia wastani wa wiki, ongezeko linakuwa kama asilimia 24. Na mfugaji mzoefu hata hiyo hataielewa kama unavyodhani, kwa sababu yeye akisikia asilimia anafikiria kiwango cha kutaga: mayai ya siku ukigawa kwa idadi ya kuku walio hai. Yule baba ana kuku 478, na hakuna aliyekufa katikati hapo, kwa hiyo alitoka asilimia 57 akafika karibu 71. Tofauti ni pointi 14. Umeona? Asilimia 33, 24 na 14, zote zimetoka kwenye banda moja. Mfugaji ukimwambia "asilimia 33" atakuuliza ya nini, na ukianza kueleza umeshapoteza. Mwambie trei. Trei 9, trei 11. Kila anayefuga kuku wa mayai anaziona trei hizo zimepangwa mbele yake, hahitaji kikokotoo, na yale mayai 8 ya ziada unayaacha yapotee upande wako. Siku zote punguza kwako, usimpunguzie msomaji.

Lile neno "hadi" lifute kabisa. "Hadi asilimia 33" halina uongo ndani yake na halina ukweli. Linamaanisha kwamba kuna mmoja alifika hapo na wengine hutaki kuwataja. "Wateja wetu" nayo ifute. Ni mteja mmoja. Miaka ya nyuma nikiuza pampu za kunyunyizia dawa mashambani niliandika "wakulima wetu wamefurahi", mzee mmoja akanitazama akaniuliza: wangapi? Walikuwa wawili, na mmoja ni shemeji yangu. Sikuuza kitu siku ile.

Swali zito lilikuwa la umri wa kuku, ndiyo maana nililiweka la kwanza. Kuku wa mayai wa kisasa huanza kutaga wakiwa na wiki kama 18 hadi 20, kisha hupanda kwa kasi mpaka kilele, kati ya wiki ya 26 na ya 32 hivi, halafu hushuka polepole. Kama kuku wa yule baba wangekuwa na wiki 22 alipoanza chakula chako, ningekuambia utupe ushuhuda wote. Kuku wa wiki 22 akifika wiki 27 mayai yanaongezeka hata ukimlisha kitu cha kawaida tu. Umri wake ndio unaofanya kazi, si mfuko wako. Ungetuma hizo namba kwa mfugaji mwenye uzoefu angejua hapohapo, na mbaya zaidi angedhani wewe hujui. Bahati yako ulinijibu kwamba walikuwa na wiki 41. Umri huo kilele kimeshapita, mayai hayapandi yenyewe. Kitu kiliwapandisha.

Ila si lazima kiwe chakula chako peke yake. Pembeni ya ukurasa wa wiki ileile aliyobadilisha mfuko ameandika kwa kalamu nyekundu: "vinyweo 4 vipya". Uliiona hiyo? Kuku hunywa maji takriban mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na joto la Pwani likipanda hunywa zaidi. Banda la kuku 478 lenye vinyweo vichache, wale wanyonge hawafiki majini, na kuku aliyekosa maji hupunguza kula na kutaga ndani ya siku chache. Inawezekana nusu ya zile trei mbili zimetoka kwenye maji. Inawezekana ni robo, inawezekana ni zaidi ya nusu. Hakuna wa kujua, kwa sababu vitu viwili vilibadilika pamoja.

Wengi hapa hunyamaza juu ya vinyweo. Mimi nakuambia viandike. Kwanza kwa sababu ni kweli, na yule baba akiulizwa na jirani atavitaja mwenyewe. Pili, mfugaji anayesoma anaona kwamba unalijua banda, hujui mifuko tu. Na kuna jambo la tatu ambalo wauzaji hawalifikirii: mteja mpya akinunua chakula chako huku kuku wake wana kiu, mayai hayatapanda, na lawama itakuja kwako. Ukiwa umemtajia maji tangu mwanzo, umejikinga.

Nije kwenye ile sentensi ambayo mdogo wako ameiruka: "Ila chakula chako bei." Najua kwa nini kaiacha. Mimi ningeiacha? Hapana, ningeishikilia kuliko zote. Ushuhuda usio na kasoro hata moja unanukia tangazo, na watu wetu wameshachoka na meseji za sifa tupu. Mfugaji akisoma kwamba mwenzake analalamikia bei na bado ananunua, anaelewa mengi ambayo wewe huwezi kuyasema kwa mdomo wako. Tena bei yako ataiuliza tu, kwa hiyo bora aisikie mapema kuliko kuikuta mwishoni akajiona ametegwa.

Na yale maganda? Ni maneno mazuri sana, yana picha, lakini hayamo kwenye daftari. Hakuhesabu mayai yaliyovunjika kabla na baada. Basi yabaki ndani ya alama za kunukuu kama maneno yake, usiyageuze kuwa ahadi yako. "Anasema maganda yamekuwa magumu" ni sawa. "Chakula chetu hufanya maganda kuwa magumu" ni jambo jingine, hilo utatakiwa ulithibitishe. Ukikata maneno yake ili yawe mafupi hakuna ubaya, mradi kilichobaki kinasema kilekile alichokuwa anasema. Usimpambe. Akisema "hayavunjiki ovyo", usimwandikie "ubora wa maganda umeimarika". Hakuna mfugaji anayeongea hivyo, na msomaji anasikia mara moja kwamba aliyeandika ni wewe.

Kuhusu kujigamba. Mama yako ana lake, lakini methali ile inamsema anayezunguka kujisifia. Hapa anayesema ni mteja. Majigambo hayaingii kwenye namba, huingia kwenye kitenzi. Soma tena ujumbe wowote unaoandika uhesabu "nime-" na "tume-": nimemwongezea mayai, tumembadilishia maisha, nimemwezesha. Kila kitenzi cha namna hiyo kinamfanya mfugaji awe mtu aliyefanyiwa, na wewe uwe mfanyaji. Geuza. Yeye alikuwa anaokota trei 9. Yeye alihamia chakula hiki. Yeye aliongeza vinyweo. Yeye sasa anaokota trei 11. Wewe umebaki mlango wa nyuma, umeshika mfuko. Ukiandika hivyo unaweza kutaja namba kubwa kiasi gani na bado hutasikika unajisifu. "Namba moja Pwani" haigeuziki, hiyo itupe.

Ujumbe wenyewe ningeuandika hivi, na uende kwa mtu mmoja mmoja, usiurushe kwenye kundi:

"Habari za kazi, mama. Nachanganya chakula cha kuku wa mayai hapa Kibaha. Muuza dawa za mifugo alinielekeza kwako, akasema hukatazi kuandikiwa. Mfugaji mmoja wa huku Pwani, mwenye kuku kama 480 wa wiki 41, alikuwa anaokota wastani wa trei 9 kwa siku. Alihamia chakula hiki, na wiki hiyohiyo akaongeza vinyweo vinne. Wiki ya tano wastani wake ulikuwa trei 11. Mwenyewe anasema: 'Maganda yamekuwa magumu, hayavunjiki ovyo. Ila chakula chako bei.' Kuku wako wana umri gani sasa, na wanataga vipi?"

Basi. Hakuna herufi kubwa, hakuna alama za mshangao, hakuna "usikose". Swali la mwisho nimeliweka kwa makusudi: ni rahisi kulijibu, na jibu lake ndilo linalokuambia kama mfano wa yule baba unamhusu huyu mama au la. Akijibu kuku wake wana wiki 75 na wamechoka, mwambie wazi kwamba hutarajii trei mbili za ziada kwake, hao wapo karibu kuuzwa. Akijibu anafuga kuku wa nyama, ushuhuda huu si wake kabisa, usiulazimishe. Na ukiulizwa "mimi nami nitapata trei 11?" jibu ni "sijui, nipe mayai yako ya wiki hii, tuandike, tuangalie baada ya wiki tano". Jibu hilo linauza kuliko unavyofikiri, na papo hapo umepata daftari la pili.

Vile vile uangalie unamwandikia nani. Mtu mwenye kuku 5,000 ana mchanganyaji wake na mtaalamu wake, habari ya banda la kuku 480 haimgusi. Mwenye kuku 30 uani ananunua kwa kilo, trei 11 zitamtisha. Wako ni wale wa kuku 300 mpaka kama 1,000, ambao wanauza mayai kila siku na wanajua maumivu ya trei mbili kupungua.

Kumrusha yule baba kwa sauti yake: usithubutu. Alikuwa anaongea na wewe, hakuwa anaongea na Pwani nzima. Sauti ya mtu inajulikana kama uso, tena kwa wafugaji wanaonunua pumba mashine moja. Skrinshoti nayo ni vilevile, unaficha jina unasahau namba ya simu juu, au picha ya wasifu akiwa na wajukuu. Na usidhani kwa sababu kasifia basi atafurahi kutajwa. Mtu anayeokota trei 11 kila siku ni mtu mwenye hela ya kila siku, na wapo wasiotaka hilo lijulikane: kuna wezi, kuna wadai, kuna ndugu wa kuomba mkopo. Ndiyo maana kwenye ujumbe nimeandika "mmoja wa huku Pwani" na si mtaa anaokaa. Ukitaja mtaa na idadi ya kuku, jina halihitajiki tena.

Sheria nayo ipo. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na jina, sauti na namba ya simu vyote ni taarifa za mtu. Jirani zetu Kenya mwaka huohuo wa 2023 ofisi yao ya ulinzi wa data ilitoza ukumbi mmoja wa starehe wa Nairobi faini ya shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kupachika mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Mteja alikuwa anastarehe tu. Na upande wa maneno ya kupotosha, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayakataza, awe mkubwa au mdogo anayeuza.

Kwa hiyo muombe. Usimuulize "naweza kutumia maneno yako?", maana mtu mwenye adabu atasema ndiyo bila kujua amekubali nini. Mtumie ujumbe wenyewe kama utakavyokwenda, neno kwa neno, na uandike: "Shikamoo baba. Yale uliyoniambia juzi yalinifariji. Naomba niwaandikie wafugaji wengine hivi, bila jina lako wala mtaa. Nimeweka wastani wa wiki badala ya ile siku ya trei 12, na nimeweka vinyweo. Kuna neno ungependa niliondoe au nilibadilishe? Ukisema hapana, nayaacha, wala hakuna kitakachoharibika kati yetu." Akikubali, hifadhi jibu lake. Akikubali na simu yake itolewe kwa anayetaka kuuliza, muulize pia ni wangapi kwa mwezi, usije ukamfanya karani wako. Na bei usimpunguzie kwa ajili hiyo. Ukimpa mfuko wa bure ili akusifie, maneno yake yameshanunuliwa na itakubidi uwaambie wasomaji. Kama unataka kumpunguzia kwa sababu amelalamika, subiri mwezi upite, umpunguzie kama mteja wa kawaida.

Kitu kingine kidogo, na hiki hukuniuliza. Ushuhuda huu ni wa mchanganyo ule wa wakati ule. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wanasema, na si lazima iwe kwa ubaya: dagaa wakipanda bei utabadilisha na mashudu, chokaa itachelewa, utatafuta ya mahali pengine. Siku utakayobadilisha chanzo cha protini au cha madini ya maganda, zile trei 11 si za mfuko unaouza tena. Andika tarehe ya mchanganyo kwenye daftari lako kama yule baba anavyoandika mayai, na uwe unamuuliza hali yake. Kuku wake sasa wana wiki 46, wakikaribia 70 atakuwa anaokota pungufu, ataanza kufikiria kuwauza. Kabla hajafika huko uwe umepata banda jingine la kulitolea mfano, maana mtu akikupigia akaomba akatembelee, utampeleka wapi?

Mdogo wako mwachie kazi ya kupiga picha mifuko. Anaonekana ana jicho.